Sura ya 6: Nukta na Mkato Vinapobadilishana Kazi

Ankara iliyoandikwa Dar es Salaam husema 1,240.50. Ankara iliyoandikwa Lubumbashi husema 1.240,50. Fedha ni ileile: dola elfu moja mia mbili arobaini na senti hamsini. Karani wa Dar ametenga maelfu kwa mkato na senti kwa nukta. Mwenzake wa Lubumbashi amegeuza. Kila mmoja ameandika kama alivyofundishwa, maana Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi uandishi wa Mwingereza, na Kongo ikarithi wa Mbelgiji. Huko Kongo utakuta pia wanaoacha nafasi tupu mahali pa alama ya maelfu: 1 240,50.

Shaba ya Katanga huteremka hadi bandari ya Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa, Zambia na Tunduma, na bidhaa za madukani hupanda kwa barabara hiyohiyo. Makaratasi husafiri pamoja na mizigo. Mhasibu wa kampuni ya usafirishaji hupokea hati kutoka Lubumbashi, hunakili safu ya namba na kuibandika kwenye lahajedwali la Excel alilolizoea, chini ya namba alizokwisha kuandika mwenyewe. Macho ya binadamu yangetambua kwamba 1.240,50 si dola moja. Kompyuta haina macho hayo. Ina mipangilio ya nchi, na kila namba inayoingia husomwa kwa mipangilio hiyo tu, hata itoke wapi.

Hata Kiswahili hakitoi jibu moja. Katika CLDR, hazina ya taarifa za lugha na nchi ambayo programu nyingi huitegemea, Kiswahili cha Tanzania na Kenya huandika 1,240.50, lakini Kiswahili cha Kongo, kinachojulikana humo kama `sw-CD`, huandika 1.240,50. Kwa hiyo ukichagua Kiswahili kwenye mipangilio hujamaliza kazi. Nchi uliyoichagua ndiyo inayoamua.

Wanasayansi walijaribu kulimaliza jambo hili mapema. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba namba ndefu zinaweza kugawanywa katika mafungu ya tarakimu tatu kwa kuacha nafasi, na kwamba nafasi hiyo isijazwe nukta wala mkato. Mwaka 2003 mkutano huo ukarudia kauli hiyo na kuruhusu desimali iandikwe kwa nukta au kwa mkato. Kwa kanuni hiyo, karani wa Dar na wa Lubumbashi wote wawili wamekosea. Biashara haikufuata, na haielekei kufuata, kwa hiyo tujifunze kusoma namba kama zinavyotufikia.

Namba bubu

Namba nyingi hujieleza zenyewe. Ikiwa na alama zote mbili, ile ya mwisho ndiyo ya desimali: katika 7.265,40 mkato umekuja mwisho, basi 40 ni senti. Alama moja ikijirudia, kama katika 1.250.000, hiyo ni ya maelfu, kwa sababu namba haiwezi kuwa na desimali mbili. Alama ikifuatwa na tarakimu moja, mbili, au zaidi ya tatu, ni ya desimali: 785,5 na 785,50 haziwezi kuwa maelfu. Ikitanguliwa na sifuri peke yake, kama 0,750, au na tarakimu nne na zaidi, kama 1240,500, hiyo pia ni ya desimali.

Inabaki aina moja tu isiyosema lolote. Ni namba yenye alama moja, tarakimu moja hadi tatu kabla yake, na tarakimu tatu kamili baada yake: 1.240, au 12,500, au 318.000. Hiyo yaweza kuwa maelfu, yaweza kuwa desimali, na ukiitazama peke yake huwezi kujua. Katika sura hii nitaiita namba bubu.

Namba bubu huulizwa kupitia majirani zake. Kama kwenye hati hiyohiyo kuna 1.975,50, basi mwandishi wake hutenga maelfu kwa nukta, na 1.240 iliyo chini yake ni elfu moja mia mbili arobaini. Jirani mmoja anayejieleza anatosha kuisemea safu nzima, mradi safu yote imeandikwa na mkono mmoja. Safu ikiwa na namba bubu tupu, tazama kwingine: tarehe zilivyoandikwa, lugha ya vichwa, au faili lenyewe. Faili la CSV linalotenganisha safu kwa nukta-mkato (;) badala ya mkato kwa kawaida limetoka kwenye kompyuta ambayo mkato wake una kazi ya desimali.

Usipopata jirani, piga simu, na uombe namba itajwe kwa maneno.

"Kaka, hiyo ada ya barabara ni dola ngapi? Usinisomee alama, nitajie tu."

"Elfu moja mia mbili na makumi ine, dada."

Hapo hakuna nukta wala mkato wa kubishania.

Njia mbili za kupotea

Namba ya Lubumbashi ikiingia kwenye Excel iliyopangwa kwa Tanzania hupatwa na moja ya mambo mawili.

La kwanza ni kugeuka maandishi. Excel ikiona 1.975,50 hukuta mkato umekuja baada ya nukta, jambo lisilowezekana kwa kanuni inazozijua, kwa hiyo huacha ilivyo, kama ingeacha jina la mtu. Kwenye seli inaonekana ni namba. Kwa `SUM` si namba, na `SUM` hupita maandishi bila kusema neno. Ukijumlisha kwa alama ya kuongeza, mathalani `=B6+B7`, utapata kosa la `#VALUE!` linaloonekana mbali. Ukitumia `SUM` utapata jumla safi iliyopungukiwa. Hali hiyohiyo huzipata namba zenye nafasi tupu, kama 1 240,50, na hata zetu wenyewe zilizoandikwa kwa mazoea ya risiti: 12,500/= nayo kwa Excel ni maandishi.

La pili ni kusinyaa. Namba bubu 1.240 haina chochote cha kuitia Excel shaka. Kwa kanuni za Dar hiyo ni moja nukta mbili nne, na ndivyo inavyohifadhiwa: 1.24. Sifuri ya mwisho inatupwa, thamani inagawanywa kwa elfu moja, na seli inaendelea kuhesabiwa kama kawaida. Hakuna onyo.

Upande wa pili wa mpaka mambo ni yaleyale kwa kinyume. Karani wa Lubumbashi akibandika 3,150 kutoka Dar kwenye kompyuta yake, anapata tatu na sehemu kumi na tano za mia.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ndiyo ufunguo wa utafutaji. Namba iliyogeuka maandishi inapunguza jumla kwa thamani yake yote. Namba iliyosinyaa inapunguza jumla kwa thamani yake yote ukitoa sehemu moja ya elfu iliyobaki, yaani kwa 0.999 ya thamani yake.

Safu moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano. Mhasibu wa Dar anakusanya gharama za safari moja kwa dola. Mistari minne ya kwanza ameiandika mwenyewe. Minne ya mwisho ameinakili kutoka hati ya Lubumbashi. Upande wa kulia nimeonyesha kilichohifadhiwa ndani ya seli.

| Gharama | Ilivyoandikwa | Excel ya Dar imehifadhi |
|---|---|---|
| Nauli, Dar hadi mpakani | 18,400.00 | 18400 |
| Ada za bandari | 7,265.40 | 7265.4 |
| Wakala wa forodha | 3,150.00 | 3150 |
| Ghala | 2,480.60 | 2480.6 |
| Nauli, upande wa Kongo | 1.975,50 | maandishi |
| Ada za barabara | 1.240 | 1.24 |
| Gharama za mpakani | 2.318 | 2.318 |
| Maegesho | 96 | 96 |

Chini ya safu `SUM` inaonyesha 31,395.56. Ni jumla inayoaminika. Haina sifuri za ajabu, haiko mbali na ya mwezi uliopita, na mtu aliyechoka angeituma kwa bosi wake bila wasiwasi.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu seli. Kwenye Excel `COUNT` huhesabu namba peke yake, na `COUNTA` huhesabu kila seli isiyo tupu. Ikiwa safu inaanzia B2 hadi B9:

```
=COUNTA(B2:B9)-COUNT(B2:B9)
```

Jibu likiwa sifuri, hakuna namba iliyogeuka maandishi. Hapa jibu ni 1. Kuitafuta si kazi: Excel isipoelekezwa vingine hulaza namba upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Kama mtu amekwisha kupanga safu nzima ikae katikati ili ipendeze, dalili hiyo imefutika, na itabidi utumie `=ISTEXT(B2)` ukiivuta hadi chini. Itakuambia `TRUE` kwenye B6, ile 1.975,50.

Wengi huishia hapo. Wanaiandika upya B6, jumla inapanda hadi 33,371.06, na wanaridhika kwamba kosa limepatikana. Kumbe bado.

Hatua ya pili ni kuondoa mapambo. Ibadilishe safu pamoja na jumla yake kuwa `General`, ili Excel ionyeshe tarakimu zote inazozihifadhi. Jumla ya mwanzo, ile ya 31,395.56, inageuka 31395.558. Dola haina sehemu za elfu. Senti zikijumlishwa na senti hazizai tarakimu ya tatu baada ya nukta, kwa hiyo ile 8 ya mwisho imeletwa na namba ambayo si fedha ya kawaida. Ukitazama juu unaikuta: gharama za mpakani, ambazo zilikuwa zikionyeshwa kama 2.32, kwa kweli ni 2.318.

Dalili hii haizinasi zote. Ada za barabara, 1.240, zimebaki 1.24, na 1.24 ni fedha halali kabisa, dola moja na senti ishirini na nne. Namba bubu inayoishia na sifuri hupita hapa bila kushikwa, na bei za kibiashara mara nyingi huishia na sifuri. Ndiyo maana tunahitaji hatua ya tatu.

Pengo lina taarifa

Hati ya Lubumbashi ina jumla yake chini: 5.629,50. Isome kwa macho, usiinakili. Mistari minne ya Dar, ambayo tunaiamini, inafika 31,296.00. Kwa hiyo jumla iliyotakiwa ni 36,925.50, na Excel imetoa 31,395.558. Pengo ni 5,529.942.

Ondoa kwanza kile tulichokwisha kukijua, yaani namba iliyogeuka maandishi, 1,975.50. Linabaki 3,554.442. Sasa gawanya kwa 0.999:

```
=3554.442/0.999
```

Jibu ni 3,558 kamili. Hiyo ndiyo jumla ya thamani halisi za namba zote zilizosinyaa. Tafuta kwenye safu seli ambazo jumla yake ni 3.558, na utazikuta mbili: 1.24 na 2.318. Elfu moja mia mbili arobaini pamoja na elfu mbili mia tatu kumi na nane ni elfu tatu mia tano hamsini na nane. Pengo limefungwa lote, na ile 96, ambayo ni ndogo na ingeweza kushukiwa, imeonekana haina hatia.

Wahasibu wa zamani wataitambua hesabu hii. Walifundishwa kwamba pengo linalogawanyika kwa tisa huashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 54 iliyoandikwa 45, au namba iliyoteleza nafasi moja, kama 540 iliyoandikwa 54. Namba ya kwetu imeteleza nafasi tatu badala ya moja, na badala ya 9 tunapata 999.

Kuna namna nyingine ya kuteleza inayostahili kujulikana. Programu ikifuta mkato wa desimali, 412,75 inakuwa 41275, yaani mara mia. Hapo jumla inazidi, na pengo ni mara 99 ya thamani halisi. Katika mfano huo pengo ni 40,862.25, ligawanye kwa 99 na utapata 412.75, namba unayoitafuta. Kwa hiyo ukiwa na pengo mkononi, jaribu mambo matatu kwa mpangilio: je, linalingana na mstari mmoja jinsi ulivyo? Likigawanywa kwa 0.999, linatoa kiasi chenye senti kamili? Likiwa ni la kuzidi na likagawanywa kwa 99, linatoa kiasi kilichopo kwenye hati? La kwanza ni maandishi yaliyoachwa, la pili ni maelfu yaliyosinyaa, la tatu ni senti zilizomezwa.

Kama mgawanyo unatoa kitu kama 3,561.0631, usiulazimishe. Ama kuna kosa jingine limejichanganya humo, ama umechukua jumla iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Kukatwa huko huleta tofauti ndogo tu: ukitumia 31,395.56 badala ya 31,395.558 utapata 3,557.998, na yeyote ataona ni 3,558. Tofauti kubwa kuliko hiyo ina sababu nyingine.

Tani zinazogeuka kilo

Fedha huandikwa na senti mbili, na hizo senti mara nyingi hutuokoa. Uzito hauna mwokozi huyo. Tani huandikwa kwa tarakimu tatu za desimali, kwa sababu sehemu ya elfu ya tani ni kilo moja. Kila uzito wa lori kwenye hati ya Lubumbashi ni namba bubu.

Malori mawili yameandikwa 29,640 na 30,125, yakimaanisha tani ishirini na tisa na kilo 640, na tani thelathini na kilo 125. Excel ya Dar inasoma 29640 na 30125. Namba imekua mara elfu, lakini ubaya wake hauonekani, kwa sababu tani iliyozidishwa kwa elfu ni kilo. Mhasibu anaona 59,765, anawaza kilo, anarekebisha kichwa cha safu na kuendelea. Kwa bahati yuko sahihi.

Kisha anaongeza lori la tatu, lililopimwa kwenye mizani ya upande wa Tanzania na kuandikwa 30.480. Hizo ni tani. Excel inahifadhi 30.48, na jumla inakuwa 59,795.48. Uzito wa kweli ni tani 90.245, yaani kilo 90,245. Lori zima limepotea ndani ya desimali.

Hapa wastani ni mtego. Gawanya 59,795 kwa malori matatu na utapata karibu kilo 19,932 kwa kila moja, uzito ambao lori linaweza kuwa nao siku mzigo haukujaa. Kinachofaa ni kutazama mwisho wa safu kwa pande zote mbili:

```
=MIN(C2:C4)
=MAX(C2:C4)
```

Malori yanayobeba mzigo wa aina moja hayapishani mara elfu. Ukiona ndogo kabisa ni 30.48 na kubwa kabisa ni 30125, hapana haja ya hesabu nyingine. Na kama kichwa cha safu bado kinasema tani, sheria ya barabara inakupa dari: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, likijumuisha gari lenyewe na mzigo wake. Safu ya tani yenye seli inayozidi 56 haizungumzii malori yanayoruhusiwa barabarani.

Marekebisho yanayoharibu zaidi

Mtu akigundua kwamba mikato ndiyo inayomsumbua, mkono hukimbilia `Ctrl+H`: tafuta mkato, weka patupu, badilisha zote. Matokeo yake ni haya. 1.975,50 inakuwa 1.97550, na Excel, ambayo sasa inaona desimali ya kawaida, inaigeuza 1.9755. Namba iliyokuwa imeachwa nje, na ambayo `COUNT` ingeishika, sasa imeingia ndani ikiwa imesinyaa mara elfu. Kama kuna 412,75 kwenye safu hiyo, inakuwa 41275. Umetoka kwenye kosa linaloonekana na kuingia kwenye makosa mawili yasiyoonekana, moja likipunguza na jingine likiongeza.

Wajanja zaidi hufuata mpangilio sahihi: kwanza wanafuta nukta, halafu wanageuza mikato kuwa nukta. Kwa 1.975,50 mpangilio huo unafanya kazi: inakuwa 1975,50, kisha 1975.50. Lakini ada za barabara zilikwisha kugeuka 1.24 mara tu zilipobandikwa. Ukifuta nukta kwenye 1.24 unapata 124, wala si 1240. Sifuri iliyotupwa wakati wa kubandika hairudi, na sasa kosa si la mara elfu tena, kwa hiyo hata kipimo cha 0.999 hakitaliona.

Kubadilisha nchi kwenye mipangilio baada ya kubandika nako hakusaidii. Mipangilio huamua namba mpya zitasomwaje, 1.24 iliyokwisha kuhifadhiwa itaonyeshwa tu kama 1,24. Safu iliyobandikwa vibaya haitengenezwi. Inafutwa, na unarudi kwenye hati.

Kubandika upya

Chagua safu tupu na uipange kuwa `Text` kabla ya kubandika lolote, kisha bandika kwa `Match Destination Formatting`. Sasa Excel hairuhusiwi kutafsiri kitu, 1.240 inabaki 1.240, sifuri yake ikiwemo. Kwenye safu ya pembeni, iambie waziwazi alama ipi ina kazi gani:

```
=NUMBERVALUE(B6,",",".")
```

Alama ya kwanza ndani ya mabano ni ya desimali, ya pili ni ya maelfu. Fomula hii ipo tangu Excel ya 2013, na LibreOffice Calc inayo pia. Mwenzako wa Lubumbashi anayesoma namba za Dar ataandika kinyume, na kwa kuwa mkato kwake una kazi nyingine, vipande vya fomula atavitenga kwa nukta-mkato:

```
=NUMBERVALUE(B6;".";",")
```

Uzuri wa `NUMBERVALUE` ni kwamba hulalamika. Ukiipa 7,265.40 huku umesema desimali ni mkato, itakuta alama ya maelfu baada ya desimali na kutoa `#VALUE!`. Hiyo ni habari njema: imekuonyesha mstari ambao haukutoka mahali ulipodhani. Lakini haiwezi kulalamikia namba bubu. Ukiipa 3,150 ya Dar kimakosa, itatoa 3.15 bila kusita. Na ukiipa seli ambayo si maandishi bali ni 1.24 iliyokwisha kuharibika, itatoa 124. Kwa hiyo hakikisha kwa `ISTEXT` kwamba safu nzima ni maandishi kabla ya kuigeuza.

Kwa faili zima la CSV, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Ingia `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kwenye dirisha la Power Query tumia `Change Type` na `Using Locale` kuitaja nchi ambayo faili limetoka. Google Sheets huweka nchi ya lahajedwali zima kwenye `File`, `Settings`, `Locale`; ipange kabla ya kubandika.

Zenye nafasi tupu zina kero yake ndogo. Nafasi hiyo mara nyingi si ile ya kibao cha kawaida, bali ni nafasi isiyokatika, yenye namba 160 au 8239 katika orodha ya herufi za Yunikodi. Ukiitafuta kwa kubonyeza kibao cha nafasi huipati. Nakili nafasi yenyewe kutoka ndani ya seli na uibandike kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kipimo kinapokosa nguvu

Hesabu yote ya pengo inasimama juu ya jambo moja: jumla iliyopatikana kwa njia nyingine. Jumla ya hati ya Lubumbashi ilitusaidia kwa sababu iliandikwa kwenye karatasi na ilikuwa na senti. Kama nayo ingenakiliwa kwenye safu ileile, ingeharibika pamoja na wenzake. Kama ingeandikwa 5.630, ingekuwa namba bubu inayotoa ushahidi kuhusu namba bubu. Na hati isiyo na jumla kabisa inakuacha na `MIN`, `MAX`, tarakimu ya tatu ya senti, na akili ya mtu anayejua lori hubeba nini na barabara hugharimu nini.

Kwa sababu hiyo, ombi lenye faida kubwa hulipeleki kwa kompyuta bali kwa anayekutumia hati. Usimwombe abadilishe nukta ziwe mikato. Atasahau, na nusu ya safu itakuja kwa mtindo wake na nusu kwa wako. Mwombe aandike senti kila mara, hata zikiwa sifuri: 1.240,00 badala ya 1.240. Uzito nao autaje kwa kilo nzima bila alama yoyote: 29640. Namba ya kwanza ikibandikwa Dar itagoma na kuwa maandishi, `COUNT` itaikosa, nawe utaishika kabla `SUM` haijaiacha nje. Ya pili itasomwa sawasawa pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa haina alama ya kubadilishiwa kazi.